aPTT imetoka ndefu na ngozi inavilia damu ovyo: anzia hapa

Swali hili naulizwa sana na karibu kila mara linakuja kwa sura ileile: mtu ana madoa ya bluu mapajani na mikononi, hakumbuki kagonga wapi, kapima damu, kaambiwa aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, ni sekunde 46 wakati kwenye maabara yao mwisho wa kawaida ni 36, afu akaenda kusoma mtandaoni usiku kucha na sasa anauliza, je nina hemofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda vizuri? Jibu fupi ni kwamba hiyo namba peke yake haiwezi kukwambia. Ila ukiipanga vizuri na mambo mengine unaweza kufika kwenye jibu, na njia yenyewe si ndefu kihivyo.

Mwongozo huu ni kwa wewe mwenye karatasi ya majibu mkononi, yako au ya mtoto wako, na hata wewe dokta au mtu wa maabara unayeanza kazi na hujui uagize nini kinachofuata.

Kabla ya yote: kama umegonga kichwa na kinauma au unatapika, kama kinyesi ni cheusi tii, kama paja au tumbo linavimba na kuuma, au damu imekataa kukata, acha kusoma uende hospitali sasa hivi. Hatua hizi ni za mtu aliyetulia.

Vitu vya kuwa navyo

- Karatasi yenyewe ya majibu, si picha ya namba moja. Tunahitaji aPTT pamoja na kiwango cha kawaida cha maabara hiyohiyo, PT ambacho ni kipimo kingine cha muda wa kuganda, na idadi ya chembe sahani za damu.
- Orodha ya dawa zote ulizokunywa wiki mbili zilizopita, za duka na za mitishamba pia.
- Mtu mmoja wa ukoo anayejua stori za familia, mara nyingi bibi au shangazi.
- Simu yenye picha za hayo madoa, na kitu cha kupimia ukubwa wake kikiwa pembeni kwenye picha.

Nadharia kidogo tu halafu tuendelee. aPTT ni sekunde ambazo maji ya damu, yani plazma, yanachukua kuganda ndani ya tyubu baada ya kuwekewa kemikali ya kuyachochea na kalsiamu. Sekunde zinaongezeka kama protini fulani za kugandisha, tunaziita fakta, zimepungua, hasa fakta 8, 9, 11 na 12, au kama kuna kitu ndani ya plazma kinaziingilia. Basi. Kipimo hakijui kama wewe unatokwa damu au hutokwi, kinajua tyubu tu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme ni binti wa miaka 19, anavilia damu miguuni na mikononi, aPTT 46 (kawaida ya pale 26 hadi 36), PT kawaida, chembe sahani 240 ambazo ni nzuri tu.

Hatua 1. Andika historia ya kutokwa damu, kwa maswali yanayopimika

Hii ndio hatua watu wanairuka wakimbilie vipimo, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko hiyo aPTT. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu "unatokwa damu sana?" anajibu kwa kujilinganisha na mama yake na dada zake, na kama ukoo mzima una shida hiyohiyo atakwambia hapana, niko kawaida. Kwa hiyo usiulize hivyo. Uliza hivi:

- Madoa: yako mangapi, makubwa kiasi gani, yanatokea wapi? Madogo ya kwenye ugoko kwa mtoto anayekimbia hayanishtui. Makubwa kuliko sentimita moja, matano au zaidi kwa wakati mmoja, bila kugonga popote, au yanayotokea mgongoni, kifuani na tumboni ambako mtu hajigongi kirahisi, hayo yanahesabika.
- Pua: damu ikianza kutoka inachukua zaidi ya dakika kumi kukata hata ukibana vizuri?
- Hedhi: inapita siku saba? Pedi inajaa ndani ya saa moja au mbili? Mabonge makubwa yanatoka? Umewahi kuambiwa una upungufu wa damu au kupewa vidonge vya madini ya chuma? Swali hili liulizwe hata kama mgonjwa anaona aibu, maana kwa wanawake ndipo ugonjwa unapojificha miaka na miaka.
- Jino: uliwahi kung'oa, damu ikaendelea mpaka kesho yake, au ilikata halafu ikaanza upya?
- Upasuaji, kujifungua, tohara: palitokea nini?
- Viungo na misuli: goti, kiwiko au kifundo cha mguu kimewahi kuvimba ghafla, kikawa cha moto na kigumu, bila kuumia sana?

Sasa angalia mchoro unaojitokeza. Damu ikitoka zaidi kwenye ngozi, pua, fizi na hedhi, wazo la kwanza ni ugonjwa wa von Willebrand, yani upungufu au ubovu wa protini ya jina hilo inayosaidia damu kuganda, au kasoro ya chembe sahani. Ikiingia zaidi ndani ya viungo na misuli, au ikichelewa na kuanza saa kadhaa baada ya jeraha, wazo linaenda kwa hemofilia A (fakta 8) au B (fakta 9). Mtu ambaye maisha yake yote yuko sawa, ila kila akifanyiwa kitu mdomoni au kwenye njia ya mkojo anamwaga damu, huyo mfikirie fakta 11.

Binti wetu: puani tangu utotoni dakika ishirini ishirini, hedhi siku tisa, usiku anaamka kubadilisha pedi, alishapewa vidonge vya chuma mara mbili na hakuna aliyeuliza chuma kinaenda wapi. Viungo havijawahi kuvimba.

Hatua 2. Chora ukoo

Chukua karatasi, weka wazazi, ndugu, babu na bibi pande zote mbili, wajomba, mashangazi, binamu. Kila aliyewahi kutokwa damu isiyo ya kawaida mpe alama.

Hemofilia A na B zinapita kwenye kromosomu X. Maana yake utaona wanaume wameguswa upande wa mama: kaka yake mama, mtoto wa dada yake mama. Baba mwenye hemofilia hampi mtoto wake wa kiume, ila mabinti zake wote wanabeba. Na msiseme wabebaji hawaugui, wapo ambao fakta yao ni ya chini kabisa na wanatokwa damu kama wagonjwa wengine tu.

Von Willebrand aina ya kwanza, ambayo ndiyo inaonekana zaidi, haichagui jinsia. Baba anampa binti, mama anampa mwana, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Ila hata ndani ya nyumba moja mmoja anaweza kuumwa sana na mwingine akawa hana habari.

Onyo: ukoo kuwa safi haimaanishi huna kitu. Karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hawana mtu mwingine kwenye ukoo, mabadiliko ya jeni yameanzia kwao au kwa mama.

Kwa binti wetu, baba alikuwa anatokwa damu puani akiwa mdogo "ikaisha yenyewe", na shangazi upande wa baba aliongezewa damu baada ya kujifungua. Upande wa baba, mwanaume na mwanamke, tayari hii hainukii hemofilia.

Hatua 3. Ondoa dawa kwenye hesabu

Heparini inarefusha aPTT, hilo kila mtu anajua, ila hata damu iliyovutwa kwenye mrija uliowahi kusafishwa kwa heparini inatosha kuharibu jibu. Warfarini na vidonge vipya vya kuyeyusha damu pia vinaweza kuirefusha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki haziigusi aPTT, ila zinavuruga chembe sahani na kufanya mtu avilie, kwa hiyo unaweza kuwa na mambo mawili tofauti kwa mkupuo. Vidonge vya homoni kama prednisoloni vikitumika muda mrefu vinafanya ngozi kuwa nyembamba, nayo inavilia kirahisi.

Usiache dawa uliyoandikiwa bila kuongea na dokta. Ile uliyojinunulia mwenyewe ya maumivu, hiyo acha, tumia parasetamo kwa kipimo chake cha kawaida.

Hatua 4. Rudia kipimo, safari hii kwa damu iliyochukuliwa vizuri

Hapa ndipo "magonjwa" mengi yanapona bila dawa. Tyubu ya kipimo hiki ni ile ya kifuniko cha bluu, ndani ina sitrati ya sodiamu asilimia 3.2, na uwiano ni sehemu tisa za damu kwa moja ya sitrati. Tyubu ya mililita 2.7 ina mililita 0.3 za sitrati zinazoisubiri. Mtu akijaza nusu akaona inatosha, sitrati inazidi, inaikamata ile kalsiamu inayoongezwa wakati wa kupima na sekunde zinapanda bila ugonjwa wowote. Kwa hiyo:

- Tyubu ijae mpaka kwenye mstari. Ikipungua zaidi ya kama sehemu moja ya kumi, itupwe.
- Damu itoke kwenye mshipa moja kwa moja, si kwenye mrija, na mpira wa kufunga mkono usikae muda mrefu.
- Igeuzwe polepole mara tatu au nne, isitikiswe. Ukiona hata kibonge kidogo cha damu, anza upya.
- Ikae kwenye joto la kawaida la chumba na ipimwe ndani ya saa nne. Usiiweke kwenye barafu wala friji, baridi inaweza kushusha von Willebrand na fakta 8 ndani ya tyubu, afu mtu anaandikiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Ikirudi kawaida na hatua ya 1 na ya 2 hazina kitu, mara nyingi umemaliza. Ikirudi kawaida ila historia ni nzito kama ya binti wetu, usisimame, nenda hatua ya 7.

Yake ilirudi 43. Imeshuka kidogo lakini bado ndefu.

Hatua 5. Isome pamoja na majirani zake

aPTT ndefu, PT kawaida, chembe sahani kawaida: ndio kundi letu, fakta 8, 9, 11, 12, von Willebrand, au kizuizi fulani kwenye damu. Kama PT nayo ni ndefu, njia inabadilika, wanaangalia ini, vitamini K, dawa, au mwili unaotumia fakta zote kwa mpigo kwa sababu ya ugonjwa mkali. Chembe sahani zikiwa chini, hilo lishughulikiwe kwanza.

Maabara ikiweza, omba na muda wa thrombini. Ukiwa mrefu sana huku PT ikiwa sawa, mtuhumiwa wa kwanza ni heparini.

Na hapa niseme kitu ambacho wengi hawakitegemei: urefu wa aPTT haulingani na hatari. Mtu asiye na fakta 12 anaweza kuwa na aPTT inayopita sekunde 100 na akafanyiwa upasuaji bila tone la ziada, maana mwili hauhitaji fakta 12 kuzuia damu, ni tyubu ndiyo inaihitaji. Kuna wengine wana kingamwili ziitwazo lupasi antikoagulanti, hizo zinarefusha aPTT lakini mtu mwenyewe anapata mabonge ya damu kwenye mishipa, kinyume kabisa. Mtu wa namba 43 anaweza kuwa ndiye anayetokwa damu kweli.

Hatua 6. Kipimo cha kuchanganya

Maabara inachukua plazma yako nusu na plazma ya watu wazima wasio na tatizo nusu, inachanganya, inapima aPTT tena. Kama kwako fakta imepungua tu, ile nusu nyingine inaleta ya kutosha na sekunde zinarudi kawaida. Kama una kingamwili inayopinga, itaishambulia hata fakta ya mgeni na sekunde zitabaki juu.

Kosa kubwa hapa ni kupima mara moja tu papo hapo. Kingamwili dhidi ya fakta 8 inafanya kazi taratibu, kwa hiyo mchanganyiko ukae saa moja hadi mbili kwenye nyuzi 37 upimwe tena. Jibu la kwanza linaweza kuonekana zuri, la pili likapanda.

Binti wetu: papo hapo 33, baada ya saa mbili 34. Imerekebika na imebaki hivyo. Kuna kitu kimepungua.

Hatua 7. Pima fakta zenyewe, na von Willebrand usiisahau

Agiza fakta 8, 9 na 11, na kwa wakati huohuo von Willebrand kwa namna mbili: kiasi chake na utendaji wake. Fakta 12 inaweza kusubiri, kwa mtu anayetokwa damu haielezi chochote.

Kwa nini von Willebrand, wakati aPTT haiipimi? Kwa sababu protini hiyo ndiyo inayoibeba fakta 8 kwenye damu. Ikipungua, fakta 8 inakosa ulinzi na inaondolewa haraka, na ni huo upungufu wa fakta 8 ndio unaorefusha aPTT. Kwa hiyo ukipima fakta 8 peke yake ukaikuta chini, ukaandika hemofilia A na kufunga faili, umemkosea mgonjwa, hasa kama ni mwanamke.

Majibu yake: fakta 8 asilimia 31, fakta 9 asilimia 95, fakta 11 asilimia 88. Von Willebrand kiasi 24, utendaji 22.

Tusome. Fakta 8 iko chini, nyingine ziko sawa. Von Willebrand iko chini ya 30, na kwa miongozo ya kimataifa ya mwaka 2021 chini ya 30 inatosha kuuita ugonjwa, na chini ya kiwango cha kawaida, ambacho huwa karibu na 50, inatosha kama mtu ana historia ya kutokwa damu. Gawa utendaji kwa kiasi: 22 kwa 24 ni kama 0.9. Ikiwa juu ya 0.7 protini ni chache ila nzima, yani aina ya kwanza. Ingekuwa chini ya 0.7 tungefikiria aina ya pili, ambapo protini ipo lakini mbovu, na vipimo vinaongezeka. Yeye ni aina ya kwanza. Ukoo wa upande wa baba unakubali, puani na hedhi vinakubali, viungo kutovimba kunakubali.

Onyo: von Willebrand inapanda na kushuka. Homa, ujauzito, mazoezi, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, hata mtoto aliyelia na kupambana wakati anachomwa, vyote vinaipandisha na inaweza kuonekana kawaida. Watu wa kundi la damu O kwa kawaida wanakuwa nayo pungufu kwa kama robo wakilinganishwa na wengine. Pima mara mbili, siku tofauti, mtu akiwa mzima na ametulia. Wa kwetu alirudia, akapata 27 na 25, hadithi ileile.

Hatua 8. Ukishajua, fanya haya kabla ya dawa yoyote kubwa

Jina la ugonjwa na viwango viandikwe kwenye kadi inayokaa pochini. Aspirini na ndugu zake wa maumivu wasiingie ndani. Sindano za kwenye msuli ziepukwe mpaka dokta wa damu aseme. Kabla ya kung'oa jino, upasuaji au kujifungua, mwambie dokta mapema, kwa sababu kuna asidi ya traneksamiki, kuna desmopresini kwa wanaoitikia, na kuna fakta zenyewe za kuongezewa, ila zinapangwa kabla damu haijaanza kutoka. Kwa binti wetu, chuma kipimwe na hedhi itibiwe, halafu baba na ndugu zake wapimwe.

Ikikwama

*Mchanganyiko umekataa kurekebika, na mgonjwa hana historia ya damu.* Mara nyingi ni lupasi antikoagulanti. Wapime hiyo, wasimwongezee plazma kwa sababu ya namba tu.

*Mzee, au mama aliyejifungua juzijuzi, hajawahi kuvilia maisha yake yote, sasa ana madoa mapana kama kiganja na aPTT ndefu.* Hii si ya kurithi. Inaweza kuwa mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya fakta 8 yake, na mchanganyiko wa saa mbili ndio utakaoziumbua. Ni dharura, usisubiri miadi ya mwezi ujao.

*Ni kichanga.* aPTT yao huwa ndefu kiasili na fakta 9 huwa chini miezi ya mwanzo, kwa hiyo tumia viwango vya umri wao na urudie baada ya kama miezi sita kabla ya kusema hemofilia B nyepesi. Fakta 8 haina kisingizio hicho, ikiwa chini kwa kichanga ichukulieni kwa uzito.

*Mwanaume, fakta 8 ni 15, von Willebrand iko sawa, ila ukoo unaonyesha wanawake nao wanatokwa damu.* Kuna aina ya von Willebrand iitwayo 2N ambayo inashindwa kuishika fakta 8 tu na inafanana kabisa na hemofilia A nyepesi. Omba kipimo cha kushikamana na fakta 8 au cha jeni, kwa sababu matibabu na ushauri wa ukoo vinatofautiana.

*aPTT ni kawaida kabisa na mtu bado anavilia.* Usimrudishe nyumbani kwa hilo. Watu wengi wa von Willebrand wana fakta 8 ya kutosha na aPTT yao haisogei, na hemofilia nyepesi yenye fakta ya asilimia 30 hadi 40 inaweza kupita bila kuonekana, inategemea kemikali ya maabara. Nenda moja kwa moja hatua ya 7, na kama napo pako safi, omba utendaji wa chembe sahani, halafu fakta 13. Hii ya mwisho iagizwe kwa jina lake, maana aPTT na PT zote mbili haziioni hata ikiwa sifuri, na dalili yake ya zamani kabisa ni kitovu cha mtoto kilichoendelea kutoa damu siku kadhaa baada ya kuzaliwa, kwa hiyo muulize mama yake.